Dvorak Itaokoa Vidole Vyako? Tulihesabu kwa Kiswahili, na Herufi K Ikaharibu Sherehe

Kama uko mbele ya kompyuta sahii, weka vidole vyote kumi mahali pake, alafu chapa hili neno: munyu. Wagiriama wanaita chumvi hivyo, na ukipita Gongoni na Marereni utaona mashamba yake yameng'aa juani.

Umeona venye imeenda? M ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mstari wa chini. U ni kidole hicho hicho, mstari wa juu. N kikashuka tena. Y kikapanda. U kikabaki huko juu. Herufi tano, kidole kimoja, na vingine tisa vimekaa tu kama abiria stendi ya Malindi wakingoja matatu ijae.

Hii stori ilianza na binamu yangu. Anachapa kwa saiba hapa Malindi: barua, sivii, viapo vya mawakili, matangazo ya nyumba. Analipwa kwa ukurasa, finje moja. Akichapa kurasa ishirini siku imeenda fiti, akichapa kumi ni siku ya chai bila andazi. Mwezi mmoja hivi kidole chake cha shahada cha kulia kikaanza kuuma, akaona video ya msee akisema QWERTY ni balaa na ukihamia Dvorak maumivu yote kwisha. Akaniuliza, "Kaka, nihame?"

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kuhesabu najua. Kuhama si mchezo. Utachapa polepole wiki nyingi, na kwake hizo ni wiki za kulala njaa. Kwa hivyo tukakubaliana tusiamini video, tuhesabu wenyewe, na tena kwa Kiswahili, juu ndicho anachochapa kutwa. Majibu yalitushtua wote wawili.

Kwanza, mipangilio mitatu

QWERTY unaijua, iko kwa kila kibodi nchini. Ilitoka Marekani kwa mashine za taipu za miaka ya 1870. Dvorak ilipewa hataza mwaka 1936. August Dvorak na shemeji yake William Dealey waliweka vokali zote kwa mstari wa kati, mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi mkono wa kulia. Colemak ni ya juzi, ilitoka 2006, kazi ya Shai Coleman. Yeye aliacha herufi kadhaa mahali pa QWERTY na kuhamisha zile zinazosumbua zaidi.

Wote watatu walikuwa wanafikiria Kiingereza. Hilo shikilia, tutalirudia.

Vitu vitatu vya kuhesabu

Usihesabu herufi moja moja. Mkono hauchoki kwa sababu ya herufi, unachoka kwa sababu ya safari kutoka herufi moja hadi nyingine. Kwa hivyo unakata neno kuwa jozi. "Iko" ina jozi mbili: ik na ko. Nafasi kati ya maneno inakata hesabu, juu hiyo inapigwa na kidole gumba. Herufi ikijirudia, kama oo ya "choo", usiihesabu kama kosa, kidole hakijasafiri popote.

Kila jozi unaiuliza maswali matatu.

La kwanza: je, herufi zote mbili ni za kidole kimoja? Hii ndio mbaya kuliko zote. Kidole kikipiga herufi ya kwanza, lazima kiinuke, kisafiri, kitue, ndio kipige ya pili. Hakuna mwingine wa kukisaidia. Kwa QWERTY, ki iko hivyo: K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia. Na mn, na hu, na ju, na lo, na za. Angalia Mekatilili wa Menza, shujaa wetu. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Lina jozi tano, na tatu kati ya hizo ni za kidole kimoja: mn, ny, az. Mama alipigana na Waingereza, na jina lake bado linapigana na mashine yao.

La pili: je, mkono unaruka mstari? Hapa tunaongelea kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ama kinyume chake, ndani ya mkono mmoja, bila kutua kati. Ni kwa QWERTY iko hivyo: N chini, I juu. Vidole ni viwili tofauti, sawa, lakini kiganja kinavutwa. Kama kuruka huku kumeungana na kidole kimoja, kama ilivyo kwa ny, hapo ndio balaa mara mbili.

La tatu: je, mikono inapokezana? Herufi moja kushoto, inayofuata kulia. Hii ni nzuri kwa sababu mkono mmoja ukipiga, mwingine uko njiani tayari. Ni kama wale jamaa wawili wa kutwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka.

Sasa tuhesabu

Tulichukua tangazo ambalo binamu alikuwa amelichapa asubuhi hiyo hiyo: "nyumba ya kukodisha iko Mnarani Kilifi". Maneno sita, herufi 33, jozi 27. Unaweza kufanya na kalamu, ilituchukua chini ya nusu saa.

Tuanze na QWERTY. Nyumba peke yake inatoa jozi tatu za kidole kimoja zikifuatana: ny, yu, um. Ni ile ile hadithi ya munyu. Ongeza ik ya "iko", mn ya "Mnarani" na ki ya "Kilifi". Jumla sita. Kuruka mstari ni tatu: ny, um, na ni ya mwisho wa Mnarani. Mikono ilipokezana mara 11. Zile jozi 10 zilizobaki ni mkono mmoja lakini vidole tofauti, kama ku na ba. Hizo hazina shida kubwa.

Kwa kifupi: kidole kimoja 6, kuruka 3, kupokezana 11.

Tukaenda Dvorak tukiwa na matumaini. Kiswahili ni lugha ya konsonanti na vokali zikifuatana, ma-li-ndi, ki-li-fi. Kama vokali zote ziko kushoto na konsonanti ziko kulia, si mikono itapokezana kama ngoma? Na kweli, Malindi ilitoka safi: jozi sita, tano zimepokezana. Mnarani pia, sita kwa tano. Ny, ile iliyokuwa inaua kidole, sasa ni kulia kwa kushoto. Kuruka mstari kukaisha kabisa, sufuri. Kupokezana kukapanda hadi 16.

Binamu akaanza kutabasamu. Nikamwambia ngoja kwanza, hatujahesabu vidole.

Kidole kimoja: sita. Ile ile ya QWERTY. Haikupungua hata moja.

K ilitoka wapi?

Angalia kibodi ya Dvorak. Kidole cha shahada cha kushoto kina U na I kwa mstari wa kati. Juu kina P na Y. Chini, pale QWERTY iko na V, kuna K. Yaani K imewekwa upande wa vokali, na si upande tu, iko chini ya kidole kile kile cha U na I.

Kwa Kiingereza hiyo ni akili. K ni herufi adimu kwao, ukichukua herufi mia moja za Kiingereza pengine usipate hata K moja. Uitupe kona yoyote, hakuna atakayelia. Lakini kwa Kiswahili? Kupika, kulala, kuenda, kila kitenzi unachokitaja kinaanza na ku. Kiti, kitabu, kidole, kibodi chenyewe. Katika tangazo letu fupi K imetokea mara nne kwa herufi 33.

Kwa hivyo ku, uk, ik na ki, zote nne zikawa za kidole kimoja. Ongeza yu, na mb, juu M na B zimekaa pamoja chini ya kidole cha shahada cha kulia. Ndio hiyo sita. Na hapa kuna jambo la kuuma zaidi: kwa QWERTY ku ilikuwa sawa, vidole viwili tofauti. Dvorak imechukua jozi tunayoitumia kuliko karibu zote na kuigeuza kuwa shida. Andika "kuku" kwa Dvorak uone: herufi nne, kidole kimoja, panda shuka panda.

Hii ndio maana nakwambia usikubali mtu akuambie mpangilio fulani ni bora bila kumuuliza, bora kwa lugha gani?

Na Colemak?

Colemak ilitushangaza kwa upande mwingine. Kidole kimoja: moja tu, mn ya Mnarani. Ki imekuwa vidole viwili, ny pia, yu pia. Lakini kupokezana ni 11, sawa na QWERTY, na kuruka mstari ni tatu: um, ku, uk. K iko chini na U iko juu, kwa hivyo kila ku mkono unajikunja.

Sababu ni hii. Colemak imeweka I, O, E na U mkono wa kulia, na N, M, L, K na H pia mkono wa kulia. Kwa hivyo ni, li, mi, ko zote zinachapwa na mkono mmoja, vidole vikifuatana kama unavyopiga vidole mezani ukingoja chakula. Watu wengine wanapenda hivyo kuliko kupokezana, na si makosa. Jozi ya vidole viwili jirani ikienda upande mmoja inaweza kuwa haraka sana. Lakini inamaanisha mkono wa kulia unabeba mzigo mwingi, na kama mkono wako unaouma ni huo wa kulia, kama wa binamu, hiyo si habari njema.

Ukiziweka pamoja, tangazo letu la jozi 27 linasomeka hivi:

QWERTY: kidole kimoja 6, kuruka 3, kupokezana 11.
Dvorak: kidole kimoja 6, kuruka 0, kupokezana 16.
Colemak: kidole kimoja 1, kuruka 3, kupokezana 11.

Hakuna aliyeshinda zote. Ukiniuliza mimi, kidole kimoja kina uzito kuliko vingine, kwa sababu hapo ndipo unasimama kabisa ukingoja. Kuruka mstari kunafuata. Kupokezana naweka mwisho, maana jozi isiyopokezana inaweza bado kuwa poa, lakini jozi ya kidole kimoja haiwezi.

Je, ukihamisha herufi moja tu?

Hapa ndio nilikuwa nimenogewa. Kama shida ya Dvorak ni K, si tuitoe hapo? Jaribio langu la kwanza lilikuwa kubadilishana K na C. Kiswahili hakitumii C peke yake, ni ch tu, kwa hivyo nikaona nimepata. K ikaenda mstari wa juu kulia, kidole cha kati. Ku, ki, ko zote zikawa za kupokezana. Nikajiona mhandisi.

Alafu binamu akaandika "kwa". W ya Dvorak iko kwa kidole hicho hicho cha kati, mstari wa chini. Kwa hivyo kw ikawa kidole kimoja na kuruka mstari, zote kwa pamoja. Kwa, kwenye, kwamba, kwenda. Nimetoa mwiba mguuni nikauweka kisiginoni. Tangazo letu halikuwa na kw hata moja, ndio maana sikuiona.

Jaribio la pili: K na V zibadilishane. K ikaenda chini kulia, kidole cha pete. W iko kando yake kwa kidole cha kati, kwa hivyo kw ikawa vidole jirani, sawa kabisa. Tukahesabu tangazo upya. Kidole kimoja kikashuka kutoka 6 hadi 2, zile yu na mb. Kupokezana kukapanda kutoka 16 hadi 22 kwa jozi 27. Kuruka bado sufuri. Herufi mbili tu zimebadilishana viti.

Bei yake ipo, usidhani ni bure. V sasa imekaa chini ya U na I, kwa hivyo vi ya vitu na viatu, na vu ya mvua na uvuvi, zimekuwa za kidole kimoja. Lakini hesabu ukurasa wowote wa Kiswahili: ku na ki ni nyingi kuliko vi na vu, tena kwa mbali. Ukitaka kujaribu kwa Windows, kuna programu ya bure inaitwa Microsoft Keyboard Layout Creator, unachukua Dvorak, unabadilisha hizo herufi mbili, unatengeneza kifurushi chake na kukisakinisha.

Mahali hesabu inaweza kukudanganya

Jozi 27 ni kidogo. Neno moja linaweza kupindua matokeo. Kama tangazo lingesema "nyumba za kukodisha", QWERTY na Colemak zingepata kosa moja zaidi kila mmoja, juu Z na A ni za kidole kidogo cha kushoto kwa zote mbili, na Dvorak ingeponyoka. Na ulishaona kw ilivyonificha. Kwa hivyo usihesabu sentensi uliyoitunga ili ithibitishe unachotaka. Chukua ukurasa uliouchapa wiki hii kwa kazi yako halisi. Kama wewe huchapa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama wengi wetu, hesabu hiyo mchanganyiko hivyo hivyo ilivyo.

Jozi pia hazikuonyeshi mzigo. A ndio herufi tunayoitumia kuliko zote, na kwa QWERTY, Dvorak na Colemak zote iko pale pale, kwa kidole kidogo cha kushoto, kile dhaifu. Hesabu ya jozi itakuambia ma na la ziko sawa kwa Dvorak, lakini kidole hicho kinapigwa kila sekunde na hesabu haitasema kitu.

Na hesabu yote hii ni ya mtu wa vidole kumi. Kama unachapa na vidole viwili kama kuku anayedonoa, ama uko kwa simu na vidole gumba, jozi zako ni zingine kabisa. Kwa simu kila kitu cha upande mmoja ni cha kidole kimoja.

Binamu aliamua nini?

Hakuhama. Kompyuta ya saiba si yake, zamu ikiisha anakaa mwingine, na akiweka Dvorak mteja wa kwanza akitaka kuingia kwa barua pepe yake itakuwa vurugu. Pia Dvorak inahamisha Z, X, C na V, zile za kunakili na kubandika, ambazo yeye anazipiga kutwa bila kuangalia. Colemak inaziacha mahali pake, lakini bado ni kibodi ya watu.

Alichofanya ni kubadilisha vidole badala ya kibodi. Tuliangalia ile hesabu ya QWERTY tukaona nusu ya makosa ilitoka kwa neno moja, nyumba. Kwa hivyo akiona ny, Y anaipiga na kidole cha shahada cha kushoto, ambacho kiko karibu tu. Na U ikiwa kando ya M au N, anaipiga na kidole cha kati cha kulia. Hesabu nyumba hivyo: ny inapokezana, yu inapokezana, um ni vidole viwili. Makosa matatu yameisha, bila shilingi hata moja.

Kuna mtego mmoja. U ikiwa kando ya K, rudisha kidole cha shahada, la sivyo ku itakuwa kidole cha kati peke yake na umejitengenezea Dvorak yako mwenyewe. Siku za kwanza alikosea sana, akaandika "nyimba" badala ya nyumba mara sijui ngapi, juu kile kidole cha kati kimezoea I. Akashikilia maneno matano tu kwanza: nyumba, nyuma, nyumbani, mnunuzi, mnyama. Alipoyazoea akaongeza mengine.

Kidole bado kinauma jioni, lakini kurasa ishirini anazifikisha. Na ki? Ki bado ni kidole kimoja, na Kilifi haitabadilisha jina.